Wimbo mmoja, simu mbili: kwangu mtunzi hayupo, kwa mdogo wangu yupo (na siye)

#1 KatibuMbalizi
Wakuu, heshima kwenu. Niko Mbalizi, Mbeya. Ni katibu wa kwaya ya vijana, na 2019 tulirekodi nyimbo kadhaa kwenye studio ndogo ya Mwanjelwa. Mmoja katika hizo, maneno na sauti zote nne alitunga mwalimu wetu wa zamani, mzee wa miaka 71 ambaye sasa yuko kwao Tukuyu.

Jumapili iliyopita mjukuu wake kamfungulia wimbo huo Spotify. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kitu kimoja tu: "Jina langu wameliandika wapi?"

Ndipo balaa lilipoanza. Kwenye simu yangu nabonyeza vidoti vitatu pembeni ya wimbo, nashuka hadi "View credits", nakuta "Performed by" na jina la kwaya, basi. Mstari wa "Written by" haupo kabisa. Mdogo wangu akafungua kwenye simu yake, wimbo uleule, sauti zilezile, akakuta "Written by" ipo, tena imejazwa. Jina lililojazwa ni la prodyuza aliyeturekodi! Mtu ambaye kiitikio chenyewe tulimfundisha siku hiyo hiyo kati ya saa nne na chakula cha mchana.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwa nini simu mbili zinasema tofauti? Na jina la mzee linaingiaje pale?

#2 Mchele_wa_Kyela
Hata mimi ilinitokea mwezi uliopita, nilinunua salio la elfu moja likaonekana laini moja tu, ya pili sifuri. Piga huduma kwa wateja watakurudishia.

#3 KatibuMbalizi
#2 mkuu, si kredi za simu. Ni majina ya walioutengeneza wimbo.

#4 Mchele_wa_Kyela
Aah. Basi mimi napita.

#5 UyoleBoy
Jibu ni rahisi, programu yako ni ya zamani. Simu za zamani hazionyeshi majina yote, ukiisasisha yanakuja. Mimi nilikuwa sioni kabisa hicho kitufe cha "View credits", nikasasisha kikatokea. Funga uzi.

#6 KatibuMbalizi
#5 Nimesasisha, nimezima, nimewasha, nimefuta nimepakua upya, na kifurushi kimeisha. Bado jina la kwaya peke yake.

#7 MezaYaSauti
Kamwene kutoka Iringa. #5 hajakosea moja kwa moja: kitufe kinaweza kukosekana kwenye toleo la zamani, na hata jina la kitufe limebadilika mara kadhaa. Ila programu ikishafungua ule ukurasa haichagui mstari gani umwonyeshe nani. Kama mstari haupo, basi haukuletwa.

Kabla sijasema zaidi, katibu fanya hivi. Kwenye ukurasa huohuo wa majina shuka hadi chini kabisa, utaona neno "Source" na jina mbele yake. Niandikie lililoko kwako na lililoko kwa mdogo wako. Halafu angalieni kava. Ni picha moja?

#8 KatibuMbalizi
Duh. Kava si moja! Yangu ina picha ya kanisa na maandishi ya jubilei. Ya mdogo wangu tuko sote chini ya mparachichi na sare za zambarau. Na "Source" ni majina mawili tofauti, moja silijui kabisa.

#9 MezaYaSauti
Basi nusu ya swali imeisha. Hamsikilizi kitu kimoja. Ni rekodi moja iliyopandishwa mara mbili na watu wawili. Mdogo wako anasikiliza singo, wewe unasikiliza nakala iliyo ndani ya albamu ya jubilei. Ukitafuta jina la wimbo, Spotify anaweza kukupa yoyote kati ya hizo kulingana na ulichowahi kusikiliza au ulipobofya.

Sasa ujue majina yale yanatoka wapi. Spotify hamfahamu mzee wako, wala hakai kusikiliza wimbo akajua nani katunga. Anayepandisha wimbo anajaza fomu kwa msambazaji, msambazaji anatuma sauti, kava na hayo maandishi kwa maduka yote, nayo yanaonyesha walicholetewa. "Source" ndiyo inakuambia mzigo umeletwa na nani. Wakati mwingine ni lebo, wakati mwingine ni msambazaji mwenyewe. Kwa hiyo fomu zilikuwa mbili, zikajazwa na mikono miwili. Mmoja aliandika prodyuza kuwa mtunzi, mwingine hakuandika mtunzi.

Swali kwako: hiyo albamu ya jubilei nani aliipandisha?

#10 KatibuMbalizi
Dah, sasa nakumbuka. 2022 usharika ulifanya jubilei, kamati ikakusanya nyimbo za kwaya zote kwenye fleshi, na kijana mmoja wa kamati akasema ataziweka mtandaoni. Nyimbo 14. Sisi tulitoa tu faili, hakuna aliyetuuliza mtunzi ni nani.

#11 DadaMafinga
Na hapo ndipo penye jibu lako la pili. Faili haliji na jina la mtunzi kama mtoto anavyokuja na kadi ya kliniki.

#12 Kibanda_Kabwe
#11 Dada hapo nakupinga kidogo. Faili la MP3 lina sehemu ya kuandika majina ndani yake. Mimi nina kibanda cha kujaza nyimbo kwenye memori kadi na fleshi hapa Kabwe, mwaka wa nane huu, nimeyaona mengi. Ukiwa na kompyuta yenye programu ya FFmpeg, andika hivi:

```
ffprobe -hide_banner wimbo.mp3
```

Itakutolea `title`, `artist`, `album`, na kama mtu alijaza utaona `composer`. Tatizo ni kwamba katika nyimbo mia ninazopokea, zenye `composer` hazifiki vidole vya mkono mmoja, na nyingi katika hizo pale kwa mtunzi pameandikwa anwani ya blogu iliyoupakia wimbo! Blogu zinapakua, zinabandika jina lao kwenye `title`, kwenye `comment`, kwenye picha, kila penye nafasi. Kuna wimbo wa singeli ninao hapa, ukiuamini basi mtunzi wake ni tovuti.

#13 MezaYaSauti
#12 umesema kweli, ila usimchanganye katibu. Hayo maandishi ya ndani ya MP3 ni kwa ajili ya kinasa cha gari na simu. Kwa kawaida msambazaji anapokea WAV na kusoma fomu. Hata kama kijana wa jubilei angepewa MP3 yenye `composer` sahihi, angepaswa kulichapa tena kwa mkono.

#14 Kibanda_Kabwe
Sawa mkuu. Nimetaja tu maana wateja huniuliza "huu kaimba nani" nami naishia kusoma jina la blogu.

#15 Babu_Santuri
Vijana mnanikumbusha mbali. Nina santuri za miaka ya sabini hapa Njombe, zile ndogo za mizunguko 45. Pale katikati kwenye karatasi ya duara, jina la wimbo lipo, chini yake kwenye mabano jina la mtunzi, kisha jina la bendi. Mtunzi alikuwa na mabano yake! Kipande cha karatasi kidogo kuliko kisosi, na watu walienea. Leo simu ina skrini kubwa kuliko dirisha la choo changu, mtunzi hana nafasi.

#16 UyoleBoy
Babu lakini hata hizo santuri mpiga gita wa pili hakuandikwa.

#17 Babu_Santuri
Hakuandikwa. Hapo umenipata.

#18 Gita_la_Makambako
#16 asante kwa kutukumbuka sisi wa gita la pili. Mimi nimepiga besi na solo kwenye nyimbo za injili zisizopungua 40 kati ya Makambako, Mafinga na Iringa mjini. Spotify nikijitafuta sipo. Nilidhani nimefanyiwa roho mbaya, hadi siku moja rafiki akanionyesha wimbo mmoja kwenye Apple Music. Ukibonyeza vidoti vitatu huko ukafungua "View Credits", kuna sehemu ya wapigaji, na jina langu lipo na chini yake imeandikwa "Bass Guitar". Nilipiga picha ya skrini nikamtumia mama.

Wimbo uleule, siku ileile, Spotify lilikuwa jina la mwimbaji peke yake kwenye "Performed by". Kwa hiyo kukosekana si lazima iwe hukujazwa, inaweza kuwa duka lile halina rafu ya kukuweka.

#19 MezaYaSauti
#18 hilo ni la muhimu sana na watu wengi hawalijui. Fomu ni moja lakini kila duka linachagua lionyeshe nini. Spotify walipoanzisha ukurasa wa majina Februari 2018 waliweka mafungu matatu, mwimbaji, mtunzi, prodyuza, pamoja na "Source". Wapigaji wa vyombo, aliyechanganya sauti na fundi wa mastaringi walikaa nje muda mrefu. Apple wana mafungu mengi zaidi.

Katibu, nenda YouTube pia. Usifungue video mliyopiga ninyi na mavazi. Tafuta ile yenye kava lisilocheza, kwenye chaneli ambayo jina lake linaishia na "Topic". Fungua maelezo yake yote. Juu itaanza na "Provided to YouTube by", chini itaishia na "Auto-generated by YouTube". Katikati ndipo msambazaji humwaga alichonacho: "Released on", "Producer", "Composer", mara nyingine "Lyricist". Nakili hapa bila majina ya watu.

#20 KatibuMbalizi
Nimezikuta mbili kama ulivyosema.

Ya kava la mparachichi: "Released on" ni Novemba 2019. "Producer" yeye prodyuza. "Composer" yeye prodyuza. Duh, kila mahali yeye.

Ya jubilei: tarehe ya 2022, jina la albamu, jina la kwaya. Baada ya hapo ni "Auto-generated by YouTube" tu.

#21 MezaYaSauti
Safi. Hiyo inathibitisha kwamba Spotify hakuficha wala kupoteza chochote. Maduka mawili yanakubaliana: singo ilijazwa vibaya, albamu haikujazwa. Kama YouTube ingekuwa na mtunzi na Spotify hana, tungesema tatizo liko kwenye duka au njiani.

#22 DadaMafinga
Niseme basi lililo moyoni mwa wengi. Huyo prodyuza ni mwizi. Anajua wimbo si wake, kaandika jina lake mara mbili. Hivi mnazunguka nini?

#23 UyoleBoy
Nakazia #22.

#24 Prodyuza_wa_Mlimani
Nimekaa kimya nasoma tu tangu asubuhi. Mimi ni prodyuza, si huyo wa Mwanjelwa, msije mkanifuata. Dada wa #22, ngoja nikuonyeshe inavyokuwa.

Kwaya inakuja watu 30 na daladala ya kukodi, imelipia siku moja. Wanarekodi mpaka saa tatu usiku, wanaondoka na furaha. Baada ya wiki mbili mwenyekiti ananipigia, "tuwekee na mtandaoni." Nafungua fomu ya msambazaji saa sita usiku. Kwa wasambazaji wawili niliowahi kutumia mimi, sehemu ya mtunzi ni ya lazima, usipoijaza haikuruhusu kuendelea, na inataka jina halisi la mtu, la kwanza na la ukoo. Jina la kwaya wanarudisha. Nampigia mwenyekiti, simu imezimwa. Akaunti ni yangu na fomu ina kidoti kimoja cha kubonyeza, "mimi ndiye mtunzi". Nabonyeza. Nimefanya hivyo, sikatai. Nyimbo mbili, nikazirekebisha baadaye.

Sehemu ya prodyuza kwa msambazaji wa kwanza haikuwa ya lazima, ndiyo maana kuna nyimbo nilizozitengeneza mwenyewe ambazo mimi prodyuza sipo! Nilijaza walichonilazimisha nikaruka walichoniachia.

#25 DadaMafinga
#24 umekiri vizuri, lakini "simu imezimwa" si sababu ya kuandika uongo. Si ungesubiri asubuhi?

#26 Prodyuza_wa_Mlimani
Ningesubiri. Umeme nao ungesubiri?

#27 Gita_la_Makambako
Hahaha. Ila naomba mtu aeleze. Kama mtunzi ni lazima, yule kijana wa jubilei alipitaje bila kujaza?

#28 Prodyuza_wa_Mlimani
Swali zuri. Mimi nadhani alitumia msambazaji mwingine asiyelazimisha, au alipandisha kupitia lebo ndogo yenye mkataba, hao hupeleka orodha kwenye jedwali, na safu ikiwa tupu inapita tupu.

#29 MezaYaSauti
Inawezekana. Au alijaza kitu kisichokubalika, kwa mfano "Kwaya" kwenye jina la mtu, kikachujwa mbele ya safari. Bila kuona akaunti yake hatuwezi kujua.

Katibu kuna jambo lingine nataka ulitazame, maana linagusa hata idadi ya wasikilizaji wenu. Ingia isrcsearch.ifpi.org, tafuta jina la kwaya na la wimbo. Kila rekodi ina namba ya utambulisho, ISRC, ya herufi na tarakimu 12. Herufi mbili za mwanzo na tatu zinazofuata ni za aliyeitoa, mbili baada ya hapo ni mwaka ilipotolewa namba, tano za mwisho ni ya wimbo wenyewe.

#30 KatibuMbalizi
Nimetafuta. Nafunika nyingine kwa nyota:

```
QZ***19*****
QZ***22*****
```

Ni mbili, wimbo mmoja.

#31 UyoleBoy
QZ si Tanzania hiyo! Sisi ni TZ. Wimbo umeshauzwa Marekani wakuu, mzee wa watu kaporwa.

#32 MezaYaSauti
#31 punguza moto. QZ ni herufi zinazotolewa Marekani, ni kweli, lakini maana yake ni kwamba namba ilitolewa na msambazaji aliyesajiliwa huko. Haisemi wimbo ni wa nani, haisemi umeuzwa. Nyimbo nyingi za Kitanzania zinazopita kwa wasambazaji wa nje zina herufi za namna hiyo.

Kinachonisumbua ni hiyo 19 na 22. Rekodi ni ileile, haikuimbwa upya, haikuchanganywa upya. Ilipaswa kubaki na namba ya 2019 hata ndani ya albamu ya jubilei. Fomu huwa na sehemu inayouliza kama wimbo tayari una ISRC. Ukiiacha wazi unapewa mpya. Kijana aliiacha wazi. Kwa hiyo kwa mashine hizi ni nyimbo mbili zisizojuana, kila moja na hesabu yake ya wasikilizaji na majina yake. Mkirekebisha moja, ya pili haitajua.

#33 Kibanda_Kabwe
Kumbe ndiyo maana kuna nyimbo naona zina wasikilizaji laki huku na mia mbili kule!

#34 Mchele_wa_Kyela
Mimi nilisema napita lakini uzi umenoga. Swali la mtu wa mchele: huyo mzee akiandikwa, pesa itaanza kuingia?

#35 Ofisi_ya_Haki
#34 hapana, si kwa sababu ya kuandikwa pale. Nilifanya kazi za hakimiliki miaka kadhaa kabla sijarudi kulima parachichi, kwa hiyo niseme ninachokijua. Mstari wa "Written by" ni maonyesho. Mapato ya rekodi yanakwenda kwa mwenye akaunti ya msambazaji. Mapato ya utunzi yanafuata usajili wa utunzi, ambao una njia yake nyingine kabisa na namba yake nyingine, si ISRC. Mzee anaweza kuandikwa Spotify na asipate senti. Na anaweza kufutwa Spotify bado haki yake ikawepo.

Maana sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake, mbali na haki ya pesa. Hailazimu uwe umesajili kwanza. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unasaidia kwenye ushahidi. Mzee ana nini cha kuonyesha kwamba katunga?

#36 KatibuMbalizi
Ana daftari. Kaandika kwa noti za d r m, sauti nne, mstari kwa mstari, na juu kaandika tarehe ya Machi 2011 na jina la kijiji. Wino wa bluu. Ukurasa mmoja una doa la chai.

#37 Ofisi_ya_Haki
Mtengenezee nakala leo. Piga picha ukurasa mzima, doa na lote, usikate pembeni.

#38 DadaMafinga
Doa la chai ya Mufindi litatuokoa.

#39 Babu_Santuri
Chai ya Tukuyu hiyo, dada. Usitupore na chai.

#40 KatibuMbalizi
Sasa nifanye nini kesho asubuhi? Nimeshamwandikia Spotify ujumbe, wakanielekeza kwa aliyepandisha.

#41 MezaYaSauti
Ndivyo wanavyojibu, na ni sawa, hawana daftari la kulinganisha. Anayeweza kubadilisha ni mwenye akaunti iliyopandisha. Kwa hiyo una safari mbili, ya Mwanjelwa na ya kijana wa jubilei.

Kwa prodyuza: usiende na lugha ya #22, utafungiwa mlango. Nenda na picha ya daftari na jina kamili la mzee kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwombe afungue ule wimbo kwenye akaunti yake, aondoe jina lake sehemu ya mtunzi, aweke la mzee, na abaki yeye kwenye prodyuza kwa sababu hapo ni haki yake. Asifute wimbo akapandisha upya, anaweza kuwapotezea hesabu mliyoikusanya tangu 2019. Kurekebisha maandishi hakuhitaji ISRC mpya. Kubadilisha sauti yenyewe ndiko kunakohitaji.

Kwa kijana: ajaze mtunzi na prodyuza. Kuhusu ISRC, amuulize msambazaji wake kama wanaweza kuweka ile ya 2019. Baadhi hukataa kubadili namba ikishatoka. Wakikataa, mjadili kama mnaitaka nakala hiyo ibaki.

Baada ya hapo subirini. Mimi ya haraka ilichukua siku tatu, ya kuchelewa wiki tano, na duka moja lilibadilika kabla ya jingine.

#42 Gita_la_Makambako
Na wapigaji muwaweke jamani. Mpiga kinanda wenu ni nani?

#43 KatibuMbalizi
Kinanda kilipigwa na prodyuza mwenyewe. Na kusema kweli ule utangulizi wa kinanda wa kabla ya ubeti wa kwanza aliubuni yeye, haumo kwenye daftari.

#44 Prodyuza_wa_Mlimani
Ahaaa! Kumbe. Hiyo hamkuisema tangu #1. Sasa je, aliyebuni utangulizi unaotambulisha wimbo mzima si mtunzi mwenza?

#45 DadaMafinga
Si mtunzi. Ni mpangaji wa muziki. Wimbo ulikuwepo 2011, yeye kaukuta.

#46 Prodyuza_wa_Mlimani
Kwenye bongofleva anayetengeneza biti huandikwa mtunzi kila siku, na hakuna anayelalamika, kwa sababu pasipo biti hakuna wimbo.

#47 Ofisi_ya_Haki
Mko sahihi wote kwa nyimbo tofauti. Biti ikianza ndipo maneno yakafuata, aliyeifanya ana dai. Wimbo wa kwaya wenye sauti nne kamili kwenye daftari unasimama bila kinanda. Ila sekunde kumi na mbili za utangulizi watu wazima wanaweza kubishana hadi kesho. Wengine wangempa kidogo, wengine wangemweka "Arranger" wakamaliza. Hilo ni la mzee na prodyuza kukaa na kukubaliana, na wakikubaliana waandike.

#48 Mchele_wa_Kyela
Wakae Kyela, nitatoa wali.

#49 KatibuMbalizi
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu na siku mbili. Mwanjelwa nilienda. Prodyuza hakuwa mkali hata kidogo, alisema maneno yaleyale ya #24 karibu neno kwa neno, hadi nikamtazama vizuri usoni. (#24 uko Mwanjelwa wewe?) Kabadilisha mbele yangu. YouTube imeshasoma jina la mzee kwenye "Composer". Spotify bado jina la zamani hadi jana usiku.

Kijana wa jubilei kahamia Dodoma na barua pepe ya ile akaunti kaisahau. Tunaendelea naye.

#50 Prodyuza_wa_Mlimani
#49 bila kumbukumbu za picha sitajibu hilo.

#51 MezaYaSauti
Vizuri. Spotify mpe wiki mbili tena. Mzee kasemaje?

#52 KatibuMbalizi
Nilimpelekea simu hadi Tukuyu, mvua inanyesha. Kavaa miwani, kasoma, akanirudishia. Anasema jina ni sahihi ila wameacha "Mwl." mbele yake, na yeye amefundisha miaka 34. Anataka niwaambie waiweke.

#53 Prodyuza_wa_Mlimani
Fomu hazipokei vyeo. Mimi walinirudishia "Mchungaji" mara mbili.

#54 KatibuMbalizi
Nenda wewe ukamwambie.